Aota ya Tumboni Inapovimba: Nani Apimwe, na Upasuaji Ufanywe Lini

Desemba 1948, katika Hospitali ya Wayahudi ya Brooklyn mjini New York, daktari mpasuaji Rudolf Nissen alimpasua tumbo mgonjwa ambaye dunia nzima ilimjua: Albert Einstein, aliyekuwa na miaka 69. Kwa miaka kadhaa Einstein alikuwa akishikwa na maumivu makali ya tumbo la juu. Yalikuja, yakakaa siku mbili tatu, yakaambatana na kutapika, kisha yakaondoka. Maumivu ya aina hiyo humfanya daktari yeyote afikirie kibofu cha nyongo. Nissen alipofungua tumbo alikuta kibofu cha nyongo ni kizima, hakina hata jiwe moja. Tatizo lilikuwa nyuma zaidi, kwenye mshipa mkuu wa damu unaoitwa aota. Ulikuwa umevimba kufikia ukubwa wa balungi.

Wakati huo hakukuwa na njia ya kukata sehemu iliyovimba na kuweka nyingine. Alichoweza kufanya Nissen ni kuuviringishia uvimbe ule karatasi ya selofani, akitumaini kwamba mwili utaichukia selofani hiyo, utatengeneza kovu gumu kuizunguka, na kovu litaushikilia ukuta wa mshipa usipasuke. Einstein aliruhusiwa kwenda nyumbani, akaishi zaidi ya miaka sita. Katikati ya Aprili 1955, akiwa Princeton, maumivu yalirudi kwa nguvu na safari hii uvimbe ulikuwa umeanza kuvuja. Alishauriwa upasuaji, kwa kuwa kufikia mwaka huo mbinu ya kuweka mshipa mwingine ilikuwa imeshaanza kutumika, lakini alikataa. Alifariki usiku wa manane wa kuamkia Aprili 18, akiwa na miaka 76.

Ninaanza na kisa hiki kwa sababu kimebeba karibu kila jambo ambalo msomaji anahitaji kulijua kuhusu ugonjwa huu: mwanaume mwenye umri mkubwa, mvutaji wa kiko kwa miaka mingi, uvimbe uliokua bila kujulikana, na maumivu yaliyodhaniwa kuwa ya kiungo kingine. Kitu kimoja tu hakikuwapo zama zile, nacho ni altrasaundi. Leo kipimo hicho kipo katika hospitali nyingi za wilaya na za kaunti, nacho kinatosha kabisa kuuona uvimbe huu kabla haujamdhuru mtu.

Aota hutoka kwenye moyo, hupinda kifuani, kisha hushuka mbele ya uti wa mgongo mpaka usawa wa kitovu, ambako hugawanyika mara mbili kwenda miguuni. Njiani hutoa matawi ya ini, tumbo, utumbo na figo. Kwa mtu mzima, sehemu yake iliyo chini ya figo ina upana wa takriban sentimita 2. Ikifikia sentimita 3 au zaidi, madaktari huiita aneurizimu, yaani mshipa uliotanuka kupita kiasi kwa sababu ukuta wake umedhoofika. Ndani ya ukuta huo mna nyuzi zinazoufanya uvutike na kurudi kila moyo unapodunda, na nyingine zinazouzuia usitanuke zaidi ya kipimo chake. Miaka inavyokwenda, na hasa moshi wa tumbaku unapoingia kwenye damu kila siku, nyuzi hizo huliwa polepole na uchochezi wa ndani ya ukuta wenyewe. Mshipa huanza kuachia.

Ukishaachia, mambo huelekea upande mmoja. Kadiri mshipa unavyokuwa mpana, ndivyo msukumo uleule wa damu unavyouvuta ukuta kwa nguvu zaidi, na ukuta unaovutwa zaidi hutanuka zaidi. Ndiyo maana uvimbe mdogo hukua taratibu, labda milimita 2 kwa mwaka, na mkubwa hukua kwa kasi kuliko mdogo. Mwenyewe hahisi chochote. Halali na homa, hakonda, haumwi. Aliye mwembamba anaweza, akilala chali, kuona tumbo likidunda karibu na kitovu. Hilo peke yake si ugonjwa, kwa maana mtu mwembamba mwenye aota nzima naye huweza kuuhisi mdundo wake. La kutia shaka ni mdundo mpana, ambao ukiweka vidole vya mikono miwili kushoto na kulia kwake vinasukumwa kando kila moyo unapopiga. Lakini kwa mtu mwenye kitambi hata daktari mzoefu huweza kuukosa kwa mikono, na ndiyo sababu tunazungumzia mashine.

Basi nani apimwe? Jibu limetokana na wanaume wa Uingereza. Mwaka 2002 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya utafiti uliowahusisha wanaume karibu 68,000 wenye miaka 65 hadi 74. Nusu yao walialikwa kupimwa kwa altrasaundi, nusu nyingine waliachwa waendelee na maisha kama kawaida. Baada ya takriban miaka minne, kundi lililoalikwa lilikuwa limepoteza watu 65 kwa ugonjwa huu, na kundi lisiloalikwa 113. Kwa kipimo kinachochukua dakika kumi, kisicho na sindano wala mionzi, hiyo ni tofauti kubwa sana. Uingereza ilianzisha mpango wa taifa mwaka 2009, na kufikia 2013 ulikuwa umeenea England yote. Kila mwanaume aliyesajiliwa kwa daktari wa mtaa hupokea barua ya mwaliko katika mwaka anaotimiza miaka 65. Aliyepita umri huo bila kupimwa anaweza kuomba mwenyewe. Wazee wetu wengi kutoka Mombasa, Unguja, Dar es Salaam na Kampala wanaishi London, Leicester na Birmingham, na barua hizo zinawafikia. Nawasihi watoto wao wasiziache mezani zikidhaniwa ni matangazo.

Marekani hutumia kigezo chembamba zaidi. Jopo la taifa la wataalamu wa huduma za kinga, katika mwongozo wake wa 2019, linashauri mwanaume wa miaka 65 hadi 75 aliyewahi kuvuta sigara apimwe mara moja. Na “aliyewahi kuvuta” maana yake ni sigara 100 au zaidi katika maisha yote, yaani pakiti tano tu, hata kama aliacha miaka thelathini iliyopita. Kwa mwanaume ambaye hakuvuta kamwe, uamuzi huachiwa yeye na daktari wake. Mwanamke ambaye hakuvuta na hana ndugu mwenye tatizo hili hashauriwi kupimwa, kwa sababu uwezekano wa kukutwa nao ni mdogo mno. Kwa mwanamke aliyevuta, au mwenye ndugu aliyeugua, jopo lilisema ushahidi hautoshi kuamua upande wowote. Mimi naona mwanamke wa aina hiyo, akiwa amevuka miaka 65, ana haki ya kuuliza, kwa sababu tutakayoiona mbele.

Kuna kundi lingine ambalo halipaswi kusubiri barua yoyote. Ni ndugu wa damu. Mtu akikutwa na uvimbe huu, au akifa nao, kaka zake, dada zake na watoto wake wako kwenye hatari kubwa kuliko watu wengine, na wanaume miongoni mwao zaidi. Mzee aliyefariki ghafla “kwa tumbo”, akiwa na miaka 70, mvutaji, bila uchunguzi wa maiti kufanywa, ni habari ambayo familia inapaswa kumweleza daktari. Presha ya muda mrefu na magonjwa ya mishipa ya moyo na miguu huongeza hatari pia. Kisukari, kinyume na wengi wanavyotarajia, hakiongezi. Wenye kisukari hukutwa na uvimbe huu mara chache kuliko wengine.

Afrika Mashariki hatuna mpango wa taifa wa aina hiyo, na sidhani kwamba kukosekana kwake ni kosa. Ugonjwa huu huwapata zaidi watu wenye asili ya Ulaya kuliko Waafrika na Waasia, na hata England ya leo, ambako uvutaji umepungua, ni takriban mwanaume mmoja kati ya mia wanaopimwa anayekutwa nao. Nchi yenye mashine chache na foleni ndefu ina mengine ya kuanza nayo. Lakini kukosekana kwa mpango wa taifa hakumzuii mtu mmoja mmoja. Wanaume wa kwetu waliofika miaka sitini na kitu huenda altrasaundi kwa sababu nyingine, hasa tezi dume na figo. Tayari mzee amelala kitandani, tumbo limepakwa mafuta ya baridi, mtaalamu ameshika kifaa mkononi. Kukipandisha kifaa hicho katikati ya tumbo na kuipima aota ni kazi ya dakika mbili tatu. Aliyevuta sigara au kiko anaweza kusema wazi: “Daktari, naomba na aota uipime, uniandikie upana wake.”

Kipimo chenyewe kina mahali kinapokosewa, na ni vizuri kupajua. Kwenye skrini, aota iliyokatwa kwa upande huonekana kama duara jeusi lililokaa mbele ya mfupa mweupe wa uti wa mgongo. Uvimbe mkubwa mara nyingi huwa na damu iliyoganda ndani yake, imejipanga kwenye kuta kama tabaka la kijivu, na katikati hubaki njia nyembamba ambamo damu inapita. Asiyekuwa makini hupima njia hiyo nyeusi peke yake, akaandika sentimita 2.3, akamruhusu mtu mwenye uvimbe wa sentimita 5 aende nyumbani. Upana unaotakiwa ni wa mshipa mzima, ukuta hadi ukuta, pamoja na damu iliyoganda. Gesi tumboni nayo huficha kila kitu, na ndiyo maana ni bora kwenda asubuhi kabla ya kula. Ripoti ikisema “aota haikuonekana vizuri”, hiyo haina maana kwamba ni nzima. Ina maana kwamba haijapimwa.

Mwanaume wa miaka 65 akipimwa na aota yake ikawa chini ya sentimita 3, amemaliza. Haitwi tena maishani, kwa sababu mshipa uliofika umri huo bila kutanuka ni nadra utanuke kufikia ukubwa wa hatari katika miaka iliyobaki. Sentimita 3 na kuendelea, anaingia kwenye ufuatiliaji. Na hapa ndipo wagonjwa wengi na jamaa zao huchanganyikiwa: daktari amesema kuna uvimbe kwenye mshipa mkubwa kuliko yote mwilini, kisha anasema urudi baada ya mwaka. Wengine huona wametelekezwa. Hawajatelekezwa, na sababu yake inafaa kuelezwa kwa utulivu.

Upasuaji wenyewe unaua baadhi ya watu. Swali la madaktari kwa miaka mingi lilikuwa hili: ni katika upana gani ambapo hatari ya kuuacha uvimbe inaizidi hatari ya kuuondoa? Waingereza walilijibu mwaka 1998. Waliwachukua wagonjwa 1,090 wenye uvimbe wa sentimita 4 hadi 5.5, wakawagawa kwa kura. Nusu walipasuliwa mapema, nusu walifuatiliwa kwa altrasaundi na kupasuliwa pale tu uvimbe ulipovuka sentimita 5.5, ulipokua kwa zaidi ya sentimita 1 kwa mwaka, au ulipoanza kuuma. Waliopasuliwa mapema walipoteza karibu watu 6 katika kila 100 ndani ya siku thelathini za upasuaji. Katika waliosubiri, uvimbe ulipasuka kwa takriban mmoja katika kila mia kwa mwaka. Miaka sita baadaye idadi ya waliobaki hai katika makundi mawili ilikuwa sawa. Wamarekani wakarudia jambo hilo kwa maveterani wao, wakatoa matokeo mwaka 2002: upasuaji wao ulikuwa salama zaidi, lakini hitimisho halikubadilika. Tangu hapo sentimita 5.5 imekuwa mpaka kwa wanaume.

Kwa wanawake mpaka uko chini kidogo. Katika utafiti uleule wa Uingereza, uvimbe wa mwanamke ulikuwa na hatari ya kupasuka mara kadhaa kuliko wa mwanaume mwenye upana sawa. Mshipa wake ni mwembamba tangu mwanzo, hivyo sentimita 5 kwake ni utanukaji mkubwa zaidi. Ndiyo maana miongozo mingi hutaja sentimita 5 kwa wanawake.

Tuchukue mfano ili namba hizi zikae mahali pake. Tuseme mzee mmoja wa Kizanzibari anayeishi London amepimwa akiwa na miaka 65, akakutwa na sentimita 3.9. Alivuta sigara tangu ujana na bado anavuta. Kwa utaratibu wa England ataitwa kila mwaka mpaka atakapofika sentimita 4.5, na kuanzia hapo kila miezi mitatu. Mwaka wa kwanza anasoma 4.1. Anaacha sigara. Mwaka wa pili 4.2, wa tatu 4.4, wa nne 4.6. Sasa anapimwa mara nne kwa mwaka. Siku moja anapata 5.1, na miezi mitatu baadaye 5.0. Anafurahi akidhani uvimbe umerudi nyuma. Haukurudi. Vipimo viwili vya altrasaundi vya mshipa mmoja vinaweza kutofautiana kwa milimita chache, kutegemea mkono wa mpimaji na mahali alipoweka alama. Hata utaratibu wa kuweka alama hutofautiana: England hupima kuanzia upande wa ndani wa ukuta hadi upande wa ndani wa pili, wengine hupima nje hadi nje, na siti skani kwa kawaida hutoa namba kubwa kuliko altrasaundi. Kwa hiyo kinachoangaliwa ni mwelekeo wa miaka, si tofauti ya milimita moja. Akifika 5.5 anapelekwa kwa mpasuaji wa mishipa, anapigwa siti skani, na moyo, mapafu na figo zake zinachunguzwa kabla ya uamuzi wowote. Kama angekuwa na moyo dhaifu sana, huenda angeshauriwa kuuacha uvimbe hata baada ya kuvuka mpaka.

Katika miaka yote hiyo ya kusubiri, mzee huyu angeuliza kama kuna dawa ya kuuzuia uvimbe usikue. Hakuna iliyothibitika. Dawa kadhaa zimejaribiwa, ikiwemo doksisaiklini, na hazikufua dafu. Dawa za presha na za kolesteroli atapewa, kwa sababu wenye uvimbe huu hufa zaidi kwa moyo na kiharusi kuliko kwa uvimbe wenyewe, lakini hazikuwekwa pale kuupunguza. Kuacha tumbaku ndilo jambo pekee lililo mikononi mwake linalopunguza kasi. Anaweza kutembea, kulima bustani, kusali na kurukuu bila hofu.

Kuna tahadhari moja inayotuhusu sisi zaidi kuliko wao. Desemba 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba antibaiotiki za kundi la siprofloksasini, levofloksasini na wenzake zinaweza kuongeza hatari ya aota kupasuka kwa watu wenye aneurizimu, na zisitumiwe kwao ikiwa ipo dawa nyingine inayofaa. Kwetu “sipro” hununuliwa dukani kama pipi, kwa tumbo, kwa mkojo, kwa homa isiyojulikana. Aliyeambiwa kwamba aota yake imetanuka aliseme hilo kila anaponunua antibaiotiki.

Upasuaji hufanywa kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya kufungua tumbo. Mgonjwa hulazwa kwa nusu kaputi, aota hubanwa juu na chini ya uvimbe, uvimbe hufunguliwa, damu iliyoganda huondolewa, na ndani yake hushonwa mshipa bandia wa kitambaa cha poliesta. Mfaransa Charles Dubost ndiye aliyefanikiwa kwanza kuuondoa uvimbe huu na kuweka mshipa mwingine, mjini Paris, Machi 1951, ingawa yeye alitumia mshipa wa maiti. Njia ya pili hupitia mishipa ya kinena: bomba la kitambaa lenye waya ndani yake hupandishwa likiwa limekunjwa, hufunguliwa ndani ya aota, na damu hupita humo bila kuugusa tena ukuta uliodhoofika. Juan Parodi wa Buenos Aires aliitambulisha mwaka 1990, na Nikolai Volodos wa Kharkiv alikuwa ameanza kazi ya aina hiyo miaka michache kabla yake.

Ya pili inavutia, maana mgonjwa hutoka hospitali baada ya siku mbili tatu, na vifo vya mwezi wa kwanza ni vichache kuliko vya kufungua tumbo. Lakini ina masharti. Chini ya mishipa ya figo lazima pawe na kipande cha aota nzima, kwa kawaida cha sentimita 1 hadi 1.5, ambapo bomba litashika. Kikikosekana, bomba la kawaida haliwezi kukaa. Na hata likikaa, damu inaweza kupenyeza pembeni na kuendelea kuujaza uvimbe kwa siri, hivyo mgonjwa lazima apigwe picha maisha yake yote. Katika tafiti za muda mrefu nafuu ile ya mwanzo hupotea baada ya miaka kadhaa. Kwa mtu wa miaka 62 mwenye afya, anayeishi mbali na hospitali yenye siti skani, mimi ningemshauri alizungumze kwa uzito na daktari wake lile la kufungua tumbo.

Namba hizi zote zinahusu uvimbe uliotulia. Uvimbe unaouma haupimwi kwa sentimita 5.5, unatibiwa haraka hata ukiwa mdogo. Ndivyo ilivyo pia kwa uvimbe unaotokana na maambukizi, kama ya salmonela au kifua kikuu, ambao huwapata hata vijana, huja na homa na kukonda, na huweza kupasuka ukiwa bado mdogo.

Kupasuka kwenyewe hutangazwa na maumivu. Huanza ghafla, makali, ya tumbo au mgongo, mara nyingi upande wa kushoto wa kiuno, na huweza kushuka hadi kinenani au kwenye korodani. Mtu huona kizunguzungu, huzirai, huloa jasho la baridi, hupauka. Ukuta wa mbele ukipasuka, damu humwagika tumboni na mtu hufa kwa dakika chache. Lakini mara nyingi hupasuka kwa nyuma, na nyama zilizo mbele ya uti wa mgongo huibana damu kwa muda. Presha hushuka, mgonjwa huzirai, damu hubanwa, presha hupanda kidogo, naye huamka na kusema amepata nafuu. Muda huo wa nafuu ya uongo, unaoweza kuwa saa moja au saa kadhaa, ndio muda pekee wa kumwokoa. Karibu nusu ya wanaopasukiwa hawafiki hospitali wakiwa hai, na kwa jumla takriban wanne katika kila watano hufa. Anayepasuliwa kwa mpango, kabla ya siku hiyo, ana nafasi kubwa sana ya kupona.

Kosa linalojirudia ni kumpa mgonjwa huyu jina la mawe kwenye figo. Mahali pa maumivu ni palepale, na hata damu kidogo kwenye mkojo inaweza kuonekana, kwani uvimbe hukaa jirani na mrija wa mkojo. Wapasuaji wa mishipa hufundisha wanafunzi wao kwamba mwanaume aliyevuka miaka 60, ambaye hajawahi kuwa na mawe, anapokuja na maumivu ya kiuno kwa mara ya kwanza, aota iangaliwe kabla hajapewa sindano ya maumivu na kuambiwa anywe maji mengi. Nyumbani kosa ni lingine: mzee analalamika mgongo, anaitwa mtu wa kumchua, anakandwa kwa maji ya moto mpaka alfajiri. Maumivu ya mgongo aliyoyazoea kwa miaka si haya. Haya yamekuja kwa ghafla, hayapungui akilala wala akigeuka, na yamekuja pamoja na kuzirai au kupauka.

Mgonjwa wa namna hiyo apelekwe moja kwa moja kwenye hospitali kubwa kuliko zote inayofikika, akiwa amelala, bila kupitishwa zahanati mbili kwanza ikiwa usafiri upo. Huko dripu zisimiminwe kwa pupa ili presha irudi 120, kwa sababu presha ikipanda haraka huweza kuisukuma damu iliyobanwa na kukimaliza kile kizuizi. Maadamu anajitambua na anaongea, presha ya chini huvumiliwa mpaka afike kwenye chumba cha upasuaji. Anayemleta aseme mambo matatu mlangoni: umri, kwamba mzee huyu alivuta sigara, na saa aliyozirai. Na kama aliwahi kupimwa, karatasi ya kipimo isiachwe kabatini. Daktari wa zamu anayesoma kwamba miezi sita iliyopita aota ilikuwa sentimita 5 hawezi kupoteza nusu saa akitafuta mawe ya figo. Ataweka kifaa cha altrasaundi tumboni palepale kwenye kitanda cha dharura, na mwenzake atakuwa tayari kwenye simu akimtafuta mpasuaji.